Umri wa kati wa Dar es Salaam umepita wa taifa: je, mji unazeeka?

*"Mtaalamu, mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata katika mojawapo ya manispaa za Dar es Salaam. Kwenye kikao cha mwisho mwenzetu alitueleza kwamba umri wa kati wa Dar es Salaam ni mkubwa kuliko wa taifa, kwa hiyo mji unazeeka na uzazi umepungua, na akashauri fedha tulizotaka kujengea wodi ya wazazi ziende kwenye huduma za wazee. Mimi mtaani naona vijana watupu. Namba hiyo inasema nini hasa, na sisi tuitumie vipi?"*

Ndugu yangu, mwenzako hakukosea namba, alikosea kuisoma. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, umri wa kati wa Watanzania uko kati ya miaka 17 na 18. Wa Dar es Salaam uko juu ya miaka 20. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini mtu aliyepita miaka 20 kidogo hana uzee wowote. Kilichoupandisha umri wa kati wa mji huu ni vijana wanaoingia, pamoja na watoto ambao kwa hesabu ya kawaida wangepaswa kuwepo na hawapo. Wazee hawana mchango mkubwa hapo. Kwa hiyo msiiguse fedha ya wodi ya wazazi mpaka muwe mmeangalia mambo machache nitakayoyaeleza.

Neno lenyewe huwa linapotosha. Tukisema "umri wa kati" wengi hufikiria watu wa makamo, wale wa miaka 45 au 50. Katika takwimu maana yake ni nyingine kabisa: wapange watu wote kwenye mstari mmoja kuanzia mchanga hadi ajuza, kisha muulize umri yule aliyesimama katikati kabisa, ambaye nusu ya watu wako upande wake mmoja na nusu upande wa pili. Umri wake ndio umri wa kati. Si sawa na wastani, unaopatikana kwa kujumlisha umri wa wote na kugawanya kwa idadi yao.

Nichukue nyumba moja ya kupanga, ya vyumba sita, ya aina ambayo mtu yeyote aliyeishi uswahilini anaijua, choo kimoja uani na bomba moja lenye foleni alfajiri. Mwenye nyumba ni mama wa miaka 63, anaishi na mjukuu wake wa miaka 11. Chumba cha pili wamo ndugu wawili, wa miaka 21 na 24, wanaouza viatu vya mtumba. Cha tatu yumo mama wa miaka 27, mumewe wa miaka 31 na kichanga chao cha miezi minane. Cha nne ni binti wa miaka 19 anayefanya kazi za ndani kwa watu na kurudi jioni. Cha tano ni fundi cherehani wa miaka 38 na mkewe wa miaka 40, na cha sita ni dereva wa bodaboda wa miaka 22. Jumla yao ni watu 11. Ukiwapanga kwa umri, wa sita, yaani aliye katikati, ni yule muuza viatu wa miaka 24.

Sasa yule mama wa miaka 27 ana mtoto mwingine, wa miaka 6, ambaye hakumtaja mpaka alipoulizwa kwa mara ya pili. Yuko Lindi kwa bibi yake. Mtoto wa yule fundi naye yuko kijijini kwao, kwa sababu chumba kimoja hakitoshi na shule ya huko ni ya kutembea kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Twende kwenye nyumba ya yule bibi wa Lindi: bibi ana miaka 58, babu 64, na wajukuu watano wana miaka 4, 6, 6, 9 na 13. Watu ni 7, na aliye katikati ni mtoto wa miaka 9. Familia ni ileile, lakini nyumba yake ya mjini ina umri wa kati wa miaka 24 na ya kijijini miaka 9, wakati mzee wa kweli, babu wa miaka 64, yuko kijijini. Na ukitafuta wastani wa ile nyumba ya kijijini utapata karibu miaka 23, umri ambao hakuna hata mmoja mle ndani aliye karibu nao. Ndiyo maana sisi wa takwimu za watu hupendelea umri wa kati kuliko wastani, ingawa nao, kama utakavyoona, hauwezi kuachwa useme peke yake.

Kanuni iliyojificha hapa ni nyepesi: wanaohama huuvuta umri wa kati wa mahali wanapoingia kuelekea umri wao wenyewe. Duniani kote watu huhama zaidi wakiwa kati ya miaka 18 na 30, wanapomaliza shule, wanapotafuta kazi, wanapooa na kuolewa. Katika nchi ambayo nusu ya watu wako chini ya miaka 18, kijana wa miaka 24 anayeshuka stendi ya Magufuli na begi lake ni mkubwa kuliko Mtanzania wa katikati, kwa hiyo anaupandisha umri wa kati wa Dar es Salaam. Kijana wa umri huohuo akihamia London anaushusha. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba umri wa kati wa Uingereza na Welisi kwa pamoja ulikuwa miaka 40, wa London miaka 35, na wa Tower Hamlets, mtaa wa mashariki mwa jiji hilo, miaka 30 tu. Kule watu husema jiji ni changa kuliko nchi. Huku tunasema jiji ni kubwa kiumri kuliko nchi. Kinachofanyika ni kilekile, vijana wanaingia, ila kipimo wanacholinganishwa nacho ndicho kinachotofautiana. Anayechukua maelezo yaliyoandikwa kwa miji ya Ulaya na kuyabandika kwenye namba za Dar es Salaam lazima atapotea, na nadhani hilo ndilo lililompata mwenzako: kwa Ulaya, umri wa kati kupanda kwa kawaida humaanisha wazee wanaongezeka.

Kuhusu uzazi, nusu ya maneno yake ni sahihi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta kwamba mwanamke wa mjini, kwa mwenendo wa wakati huo, angezaa watoto 3.6 hadi mwisho wa umri wake wa kuzaa, na wa kijijini 5.5. Hiyo ni tofauti kubwa, na inachangia kuupandisha umri wa kati wa mji kwa sababu watoto wachache huingia chini ya ule mstari. Lakini wodi ya wazazi haihudumii kiwango cha uzazi, inahudumia wajawazito waliopo. Idadi ya wanaojifungua hutokana na vitu viwili: kila mwanamke anazaa mara ngapi, na wanawake wa umri wa kuzaa ni wangapi. Mji una upungufu kwenye la kwanza na ziada kwenye la pili.

Tufanye hesabu kwa namba nilizozibuni ili zieleweke. Katika kijiji, kila watu 1,000 tuseme wamo wanawake 210 wa miaka 15 hadi 49, na katika mwaka mmoja kila wanawake 100 wanazaa watoto 17. Hao ni watoto wapatao 36. Katika mtaa wa mjini kila watu 1,000 wamo wanawake 290 wa umri huo, na kila 100 wanazaa watoto 11 tu kwa mwaka. Hao ni watoto 32. Kiwango cha uzazi kimeshuka kwa zaidi ya theluthi, lakini idadi ya watoto wanaozaliwa imeshuka kwa takribani moja ya kumi. Kata ya watu 12,000 kwa hesabu hii ingekuwa na watoto zaidi ya 380 kwa mwaka, zaidi ya mmoja kila siku, kabla hujawahesabu kina mama wanaotoka kata nyingine na mikoa mingine kuja kujifungulia karibu na hospitali kubwa. Nikukumbushe pia kwamba Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 2,783,710 katika Mkoa wa Dar es Salaam dhidi ya wanaume 2,600,018. Ile picha ya zamani ya mji wa makuli na wanaume waliowaacha wake zao kijijini haipo tena. Mabinti wanakuja wenyewe, kwa kazi za ndani, saluni, mama lishe, viwanda na vyuo, na wengi wanaanza kuzaa wakiwa hapahapa.

Na wazee je? Hapa ningependa muutazame Mkoa wa Kilimanjaro, kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko maelezo yangu yoyote hatari ya kutegemea namba moja. Kilimanjaro nayo ina umri wa kati ulio juu ya wa taifa. Mtu aliyeketi ofisini akiwa na jedwali la mikoa anaweza kuiweka Kilimanjaro na Dar es Salaam katika fungu moja na kuzipangia huduma za aina moja. Lakini sababu zake ni kinyume. Kilimanjaro ni mkoa ambao vijana wake hutoka, kwa vizazi kadhaa sasa, na uzazi wake ni miongoni mwa midogo nchini; waliobaki mlimani ni wazee wenye migomba na kahawa yao, pamoja na watoto wa shule. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wake waliongezeka kutoka 1,640,087 hadi 1,861,934, yaani kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Kule ongezeko dogo na umri wa kati mkubwa vinaelekeza kwenye matibabu ya shinikizo la damu, macho, na mtu wa kumwangalia bibi anayeishi peke yake. Dar es Salaam imevimba katikati, kwenye miaka ya ishirini na thelathini. Kilimanjaro imebonyea mahali palepale na kujaa juu. Mstari wa katikati unaweza kuangukia umri unaokaribiana katika maumbo hayo mawili, na usikwambie kabisa ni lipi unaloliangalia.

Kuna jambo jingine linalopandisha umri wa kati wa Dar es Salaam ambalo halina uhusiano na kuzaa wala kuzeeka, nalo ni mpaka wa mkoa. Kati ya 2002 na 2012 mkoa huu ulikua kwa kasi ya asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 kasi ikashuka hadi asilimia 2.1, kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, chini hata ya kasi ya taifa. Kuna waliosoma takwimu hizo wakatangaza kwamba watu wameacha kuhamia Dar. Lakini tazama jirani: katika miaka hiyohiyo kumi Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu maradufu. Mji haukusimama, uliruka uzio.

Na wanaoruka uzio si watu wa umri wowote tu. Kijana akiingia mjini hupanga chumba Manzese, Buguruni au Mbagala, kwa sababu anataka kuwa karibu na riziki. Akishapata mke na mtoto wa pili, kodi ya vyumba viwili inamshinda, na mtu anamwambia kwamba Vikindu, Kibaha au Mapinga bado kuna viwanja vya bei nafuu. Ananunua, anajenga chumba na sebule, anahamia kabla hata ya kupiga plasta. Kuanzia siku hiyo watoto wake wanahesabiwa Pwani, naye bado anapanda daladala saa kumi na moja alfajiri kwenda Kariakoo. Chumba alichokiacha Manzese kinachukuliwa na kijana mwingine wa miaka 22. Umri wa kati wa Dar es Salaam umepanda tena, bila mzee hata mmoja kuongezeka. Kwa upande wa huduma, dawati la mtoto linahitajika Mkuranga, lakini baba akiugua kazini anatibiwa zahanati ya kata yenu, na maji, choo cha soko na barabara anazotumia mchana ni zenu. Mipango inayogawa fedha kwa idadi ya waliolala hapo usiku wa sensa haimuoni.

Sasa tuje kwenye kata yako, maana umri wa kati wa mkoa mzima hauwezi kukuamulia ujenge nini. Kata za Dar es Salaam hazifanani hata kidogo. Msasani, yenye Masaki yake, na Vingunguti ziko katika mkoa mmoja, basi. Unachohitaji ni jedwali la watu wa kata kwa jinsi na kwa makundi ya miaka mitano mitano. Ukilipata, umri wa kati unaweza kuutafuta mwenyewe kwa kalamu. Tuseme kata yenu ina watu 12,000. Walio na miaka 0 hadi 4 ni 1,680. 5 hadi 9 ni 1,260. 10 hadi 14 ni 1,080. 15 hadi 19 ni 1,320. 20 hadi 24 ni 1,650. Mtu wa katikati ni wa 6,000. Ukijumlisha makundi manne ya kwanza unapata 5,340, kwa hiyo umebakiza 660 kumfikia, naye yumo katika kundi la 20 hadi 24. Gawanya 660 kwa 1,650 upate 0.4, zidisha kwa miaka mitano ya kundi upate 2, ongeza kwenye 20. Umri wa kati ni miaka 22.

Lakini usiishie kwenye 22. Rudi utazame njia uliyopita. Mahali ambapo watu hawahami na uzazi ni mkubwa, kila kundi huwa dogo kuliko lililo chini yake, kama ngazi inayopungua kuelekea juu. Hapa ngazi imeshuka mpaka 1,080 kwenye miaka 10 hadi 14, kisha ikapanda ghafla hadi 1,320 na 1,650. Watu hawazaliwi wakiwa na miaka 20. Ile ziada ya 570, kati ya kundi la 10 hadi 14 na la 20 hadi 24, kwa sehemu kubwa ni wageni waliokuja, na lile bonde la miaka 10 hadi 14 ni la watoto waliopelekwa kwa bibi, waliopelekwa bweni, au waliohamia na wazazi wao nje ya mji. Kilele kile kingekuwa cha wanawake zaidi ya wanaume, wodi ya wazazi ingekuwa na hoja nzito. Kingekuwa cha wanaume zaidi, kama ilivyo katika mitaa iliyo karibu na machimbo au maeneo ya ujenzi mkubwa, ningefikiria mengine: huduma ya dharura ya majeraha, upimaji wa virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, na vyoo vya umma. Bonde likiwa refu zaidi hadi miaka 5 hadi 9, msikimbilie kuongeza madarasa ya msingi kwa kufuata tu idadi ya watu wa kata.

Makosa mawili huwapata wengi katika jedwali hili. La kwanza ni umri wa kukadiria. Watu wengi, hasa wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa, hutaja umri unaoishia na sifuri au tano. Anayeulizwa akiwa na 19 husema 20, na jirani yake anayemjibia akiwa hayupo husema 25. Ukichora umri mmoja mmoja utaona miiba kwenye 20, 25, 30 na 40. Makundi ya miaka mitano hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza, kwa hiyo tofauti ya nusu mwaka kati ya kata yenu na ya jirani msiijengee hoja. La pili ni kwamba sensa yetu huhesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambayo mara ya mwisho ilikuwa 23 Agosti 2022. Kata yenye nyumba nyingi za wageni, stendi, hospitali au chuo inaweza kuonyesha kilele cha vijana ambacho si cha wakazi. Kama kata yenu ina mojawapo ya hivyo, tafuteni kwanza idadi ya waliohesabiwa humo muitoe kando.

Sensa nayo inapitwa na wakati. Katika mtaa wa wapangaji miaka mitatu inatosha kubadilisha nusu ya majina. Kwa hiyo mimi huwashauri watu wa kata walinganishe jedwali na madaftari mawili yaliyopo tayari. La kwanza ni la chanjo: watoto wangapi walipata chanjo ya surua ya miezi tisa katika mwaka fulani. La pili ni la uandikishaji wa darasa la kwanza miaka sita baadaye. Tuseme chanjo walikuwa 350 na darasa la kwanza wakaandikishwa 245. Watoto 105 wamekwenda wapi? Wengine wapo, ila wanasoma shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza na kupita mbele ya shule yenu kila asubuhi ndani ya basi la njano. Hao mnaweza kuwauliza kwa walimu wakuu wa shule hizo. Waliobaki wamehama na wazazi au wamepelekwa kijijini. Daftari la chanjo nalimini kuliko la wodi ya wazazi, kwa sababu mama anaweza kuja kujifungulia kwenu kutoka mbali, lakini kwa miezi tisa mfululizo atampeleka mtoto kliniki iliyo karibu na anapolala.

Hesabu ya mlango kwa mlango ndiyo ambayo wengi hupenda kuianza, na mimi naiweka mwisho. Daftari la wakazi la mtendaji wa mtaa huwa limewaandika vizuri wenye nyumba, ambao ndio wazee, na kuwaacha wapangaji, ambao ndio vijana. Nimewahi kukabidhiwa daftari la namna hiyo ambalo kwa kulisoma tu ungedhani mtaa mzima umestaafu. Mkilitumia bila kulirekebisha, mtapata umri wa kati wa miaka thelathini na kitu, na mwenzako atashinda hoja kwa makosa. Kama ni lazima mhesabu, hesabuni chumba kwa chumba katika nyumba chache zilizochaguliwa kwa kura, na muulize kila mzazi swali la pili: una watoto wangapi wasioishi hapa, wana umri gani na wako wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha shule zikiboreshwa watoto wangapi wangeweza kurudi.

Sitaki pia uondoke ukidhani kata yenu haina wazee. Wapo, na kwa idadi wanaongezeka, maana waliokuja Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 wakajenga Magomeni, Temeke na Kinondoni si wote wanaorudi kwao wakistaafu. Kama jedwali lenu litaonyesha walio na miaka 60 na zaidi wanafika, tuseme, 700 kati ya wale 12,000, hao ni wengi wa kutosha kwa siku moja maalumu ya kliniki kila wiki kwa kisukari na shinikizo la damu. Siku ya kliniki inahitaji mtumishi, dawa na mabenchi, haihitaji jengo. Kwa hiyo huenda kamati yenu inabishania vitu viwili ambavyo havigombanii fedha moja.

Haya yote unaweza kuyafanya na wenzako mezani. Lakini kuna hali ambazo barua yangu haitoshi. Kama jedwali la kata na madaftari ya huduma yanapishana kwa zaidi ya robo na hamjui kwa nini, kama mipaka ya kata ilibadilishwa tangu 2012 na mnataka kulinganisha sensa mbili, au kama fedha zenyewe zinahitaji makadirio ya watu wa miaka mitano au kumi ijayo, nendeni kwa mtakwimu wa mkoa na mchumi wa manispaa, ana kwa ana. Chukueni jedwali, idadi za chanjo na za darasa la kwanza kwa miaka mitano bila majina ya watoto, pamoja na orodha ya taasisi zinazolaza watu ndani ya kata. Na waombeni hasa takwimu za mahali mtu alipozaliwa na mahali anapoishi, kwa umri na kwa jinsi: hapo ndipo mtajua wale vijana unaowaona mtaani wamezaliwa hapo au wameshuka kwenye basi.